ATH-M50x zilizouzwa kama mpya hapa Tanga: mishono ya mito, maandishi ya spika, boksi na picha za ndani

Rekodi_Makorora

Assalamu alaykum, na habari za leo kwa wote. Nina chumba kidogo cha kurekodia hapa Makorora, na kazi yangu kubwa ni kaswida na matangazo ya biashara. Hivi karibuni nilinunua hedifoni za kufunika masikio, ATH-M50x za Audio-Technica, kwa muuzaji wa hapa mjini ambaye sitamtaja, naye alinihakikishia kwamba ni mpya na hazijawahi kuvaliwa na mtu. Bei ilikuwa ya chini kuliko nilivyotarajia, lakini si ya chini kiasi cha kunitia hofu papo hapo.

Nilipoanza kuzitumia niliona mambo matatu. La kwanza ni kwamba sauti ya msomaji, ambayo nimeirekodi kwa maikrofoni moja na kuiweka katikati, inaelemea kulia. La pili ni mshono wa mto wa kulia, ambao haufuati mviringo bali unatoka nje kidogo na kurudi, tena uzi wake ni mnene kuliko wa mto wa kushoto. La tatu ni maandishi madogo ya boksi, ambayo yamefifia kana kwamba yamepigwa fotokopi. Nimeweka picha za mito yote miwili, za boksi pande zote, na za waya zilizokuja nazo. Ninaomba kujua kama hizi ni bandia au la, maana kama ni bandia ninataka kuzirudisha kabla muuzaji hajabadili kauli.

Mzee_Barabara_ya_Nane

Kijana wangu, pole kwa usumbufu. Mimi nimeangalia picha ya boksi na jibu nimelipata hapo hapo. Namba ya msimbopau inaanza na 69, na namba zinazoanza hivyo ni za China, ilhali Audio-Technica ni kampuni ya Japani iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1962. Bidhaa ya Kijapani haiwezi kubeba namba ya China, kwa hiyo hizo ni bandia na hakuna haja ya kuchunguza zaidi. Jambo jingine, boksi la M50x huwa na waya tatu zinazochomoka: mmoja wa kujikunja, mmoja mrefu wa mita 3, na mmoja mfupi wa mita 1.2. Katika picha yako ninaona mbili tu.

Fundi_Chuda

Shikamoo mzee. Kuhusu waya tatu umesema kweli kabisa, na kukosekana kwa mmoja ni sababu tosha ya kumuuliza muuzaji maswali. Kuhusu msimbopau ninaomba tutofautiane kwa heshima. Tarakimu za mwanzo zinaonyesha tawi la shirika la misimbopau lililotoa namba hiyo kwa kampuni, hazionyeshi kiwanda bidhaa ilikotengenezwa. Namba zilizotolewa Tanzania huanza na 620, lakini mfanyabiashara aliyesajiliwa hapa anaweza kuibandika namba hiyo kwenye bidhaa aliyotengenezewa nchi yoyote. Zaidi ya hayo, anayenakili boksi hunakili na msimbopau wake, kwa hiyo namba inaweza kuwa sahihi kabisa juu ya boksi la bandia. Ukiwa si sahihi, tunajua kwamba boksi lina walakini. Ukiwa sahihi, hatujajua chochote.

Ndugu wa Makorora, swali lako ni moja lakini mbele yetu kuna vitu vinne, na kila kimoja kinaweza kuwa na historia yake. Mto unatoka na kubadilishwa kwa dakika chache. Boksi linaweza kuchapishwa upya na kuwekewa kitu halisi ndani. Spika ya ndani inaweza kuwa imebadilishwa na fundi. Kisichobadilishwa kirahisi ni mwili wenyewe, yaani vikombe vya plastiki, upinde wa kichwani na tundu la waya. Kwa hiyo mshono mbaya unashuhudia mto tu. Mimi nikiona mshono mbaya ninasema, "Mto huu una shaka," kisha ninaendelea na kingine.

Kwa hatua ya kwanza, kabla hujafungua chochote, ninaomba mambo mawili. Vaa hedifoni kinyumenyume, upande wa kulia uje kushoto, kisha cheza sauti ile ile. Ikiwa sasa inaelemea kushoto, tatizo limo kwenye hedifoni au kwenye kifaa kinachozilisha sauti. Ikiendelea kuelemea kulia, chunguza sikio lako. Pili, chomeka waya kwenye tundu la kikombe cha kushoto, halafu uuzungushe. Pini ya upande huo ni ya milimita 2.5 na ina meno ya kujifunga: inasukumwa, inazungushwa, na baada ya hapo haitoki kwa kuvutwa. Niambie kama inajifunga sawasawa au inalegea.

Dada_wa_Mwambani

Hata mimi mito yangu imeharibika vivyo hivyo, na ninashauri ununue mito mipya badala ya kuhangaika. Zangu ni za bluetooth, nilizinunua dukani zikiwa na risiti na dhamana, na kwa hiyo nina hakika ni halisi. Hata hivyo ngozi ya mito ilianza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shingoni na kwenye ushungi. Sisi tunaokaa karibu na bahari tunajua chuma kinavyoliwa, sasa nimejifunza kwamba na ngozi hizi zinaliwa. Je, ni duka gani hapa Tanga linalouza mito ya ukubwa wa kufunika sikio zima?

Fundi_Chuda

Dada, ndugu yetu haulizi mahali pa kununua mito, lakini umeleta jambo linalomhusu moja kwa moja. Ngozi ya mito hii kwa kawaida ni kitambaa kilichopakwa plastiki laini, na plastiki ya aina hiyo huvunjwa na unyevu pamoja na jasho na mafuta ya ngozi. Katika hali ya hewa ya pwani, mto halisi kabisa unaweza kubanduka mapema kuliko mmiliki anavyotazamia. Kubanduka, basi, si dalili ya ubandia. Kunaonyesha umri, unyevu na matumizi. Ila ninyi wawili hamfanani: mito yako imebanduka lakini mshono wake umekaa, wakati mto wake wa kulia haujabanduka hata chembe na mshono wake umepinda.

Mshono ninausoma hivi. Ninaweka rula kando ya mshono wa mdomo wa ndani, yaani ule unaozunguka tundu la sikio, na ninahesabu mishono ndani ya sentimita moja katika sehemu tatu tofauti. Kiwandani kitambaa hushikwa na fremu wakati wa kushonwa, kwa hiyo hesabu hailingani sehemu moja na kuachana sana sehemu nyingine. Halafu ninatafuta mahali mshono ulipoanzia na kuishia, maana uzi hupita juu yake wenyewe kwa mishono michache ili usifumuke. Katika mito ya bei rahisi mwisho huo mara nyingi huachwa na nyuzi zinazoning'inia au huunguzwa kwa moto hadi ukawa kijidonge kigumu. Mwisho ninatafuta matundu ya sindano yasiyo na uzi, kwa sababu hayo yanaonyesha kwamba mshonaji alikosea na kurudia.

Nimehesabu katika picha ya ndugu yetu. Mto wa kushoto una mishono minne kwa sentimita kila ninapoangalia. Wa kulia una mitatu upande wa juu, minne chini, na pale unapopinda yapo matundu mawili matupu. Hii ni mito ya watengenezaji wawili tofauti. Jozi iliyotoka kiwandani haiwezi kuwa hivyo, iwe halisi au bandia, na ndiyo maana neno "mpya" ndilo linalonitia shaka kuliko neno "halisi".

Mchapaji_Pongwe

Mimi ninafanya kazi ya uchapaji, hedifoni sizijui, lakini boksi ninaweza kulisemea. Ninaomba ndugu uchukue lenzi ya fundi saa, uiweke mbele ya kamera ya simu, upige picha ya mstari wa maandishi madogo meusi na ya ukingo wa picha kubwa ya hedifoni. Piga mchana karibu na dirisha, usiwashe taa ya simu, kwa sababu inang'arisha karatasi na kuficha tunachokitafuta.

Sababu yake ni hii. Picha kubwa ya boksi lolote hutengenezwa kwa vitone vidogo vya rangi nne vilivyopangwa pamoja, hivyo kuona vitone kwenye picha si kosa. Maandishi meusi madogo, kwa upande mwingine, huwekwa na mwenye faili la asili kama wino mweusi mmoja uliojaa, na ukiyakuza kingo zake zinabaki kali. Mtu asiye na faili la asili hupiga skani boksi zima, na skani haitofautishi herufi na picha, kwa hiyo maandishi nayo hugeuzwa kuwa vitone. Ukikuza herufi "e" ndogo utaona imejengwa kwa madoa ya samawati, zambarau na manjano, na tumbo lake limejaa ukungu.

Ninaweka tahadhari moja ili nisimdhulumu mtu. Maandishi ya kijivu au ya rangi yanaweza kuwa na vitone hata kwenye boksi halisi, kwa kuwa kijivu mara nyingi ni nyeusi iliyopunguzwa kwa vitone. Ninahukumu kwa maandishi meusi tu.

Rekodi_Makorora

Ninawashukuru sana. Nimezivaa kinyumenyume na sauti imehama, sasa inaelemea kushoto, kwa hiyo tatizo si la sikio langu. Waya unajifunga vizuri na hautoki nikiuvuta. Picha za lenzi nimeziweka: mstari wa vipimo chini ya boksi umejaa madoa ya rangi, na herufi nyingine hazisomeki kabisa. Nimezipima pia kwa mizani ya sonara bila waya, nikapata gramu 279.

Mchapaji_Pongwe

Nimeiona picha, na kwa upande wangu sina shaka. Boksi hili limechapishwa kutokana na skani. Angalia pia mkunjo wa kifuniko, rangi imepasuka ikaacha karatasi nyeupe, jambo linalotokea pale boksi linapokunjwa bila kukandamizwa mstari wa mkunjo kwanza. Hilo la pili peke yake lisingenitosha, kwa kuwa boksi halisi lililozeeka hupasuka pia. Herufi zenye madoa zinatosha.

Kijana_Raskazone

Ninaongeza kipimo changu kilicho rahisi kuliko vyote. Fungua kikombe, ukikuta kipande cha chuma kisichounganishwa na waya wowote, basi ni bandia. Watengenezaji wa bandia huweka chuma ili mnunuzi akizishika aone zina uzito. Hili linajulikana duniani kote na hata picha zake zipo.

Fundi_Chuda

Ni kweli kwamba wako wanaoweka chuma cha uzito, na mimi mwenyewe nimekitoa kwenye hedifoni za bandia zilizoletwa kwangu. Lakini kanuni yako haisimami. Mwaka 2015 mhandisi wa kampuni ya Kimarekani iitwayo Bolt alizifungua hedifoni za Beats Solo HD, akaandika kwamba zina vipande vya chuma ambavyo kazi yake kubwa ni kuongeza uzito. Makala ile ilienea sana. Baadaye ikabainika kwamba jozi aliyoifungua ilikuwa ya bandia, akaandika tena baada ya kufungua jozi halisi, na humo pia akakuta vipande vya chuma. Kwa hiyo chuma peke yake hakikumtenganishia halisi na bandia hata mtu mwenye elimu ya kutengeneza vitu. Picha ya ndani ina thamani pale tu unapokuwa na picha nyingine ya ndani ya jozi ambayo asili yake haina shaka.

Ndugu wa Makorora, uzito uliotaja haunitishi. Kampuni inaandika gramu 285 bila waya, na mito ya mtengenezaji mwingine inaweza kueleza sehemu ya tofauti hiyo. Sasa tupime spika bila kufungua. Chukua mita ya fundi, iweke kwenye upimaji wa ukinzani, kiwango cha omu 200. Gusisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe kwanza na uandike namba utakayoiona, kwa maana huo ni ukinzani wa waya za mita na utautoa baadaye. Tumia waya mfupi wa hedifoni, usichomekwe popote. Ncha moja iguse shina la pini, nyingine iguse kichwa cha pini, hapo unapima kushoto. Kisha ihamishie kwenye pete ya katikati, hapo unapima kulia. M50x imeandikwa omu 38, nami hutegemea namba iliyo karibu na hiyo au chini yake kidogo, na muhimu zaidi, pande mbili zinazokaribiana.

Rekodi_Makorora

Ncha za mita zenyewe zimetoa 0.5. Kushoto nimepata 38.4, na kulia 32.1. Nimerudia kwa waya mwingine na tofauti imebaki ile ile.

Fundi_Chuda

Basi kushoto ni kama 37.9 na kulia kama 31.6. Kushoto panaendana na M50x. Kulia panaendana na spika za omu 32, ambazo ndizo za kawaida sana madukani na ndizo zinazowekwa katika hedifoni nyingi za bei ndogo. Hapa inafaa kufungua, ila kama unakusudia kuzirudisha, piga kwanza picha za nje na umjulishe muuzaji, asije akasema umeziharibu wewe.

Vuta ukingo wa mto kutoka kwenye mfereji wake ukizunguka polepole. Haukubandikwa kwa gundi. Chini yake utaona skrubu nne za msalaba. Zilegeze kwa bisibisi inayokaa vizuri, inua bamba la spika kidogo tu kwa sababu waya wa ndani ni mfupi na mwembamba kama unywele, na usiuvute. Piga picha ya mgongo wa spika ukiwa umeweka rula kando yake, mwanga ukitoka ubavuni, na pande zote mbili upige kwa umbali mmoja.

Rekodi_Makorora

Nimefungua, na picha ziko hapo juu. Kushoto spika imejaa kwenye nafasi yake, rula inaonyesha milimita 45, na mgongoni kuna msururu wa herufi na tarakimu uliochapwa moja kwa moja, bila stika. Risasi ya kuunganishia ni ndogo na inang'aa. Kulia kuna stika nyeupe iliyoandikwa `32Ω 20mW`, spika yenyewe ina milimita 40, na pembezoni imezungushiwa gundi nyeupe kujaza nafasi iliyobaki. Risasi yake ni donge kubwa la kijivu, na skrubu mbili kati ya nne zimelika vichwa.

Kijana_Raskazone

Kwa ushahidi huu ninaungana na mzee. Ni bandia.

Fundi_Chuda

Spika ya kulia ni ya kigeni, hilo halina mjadala. Stika yenyewe inaikana hedifoni: M50x ina spika za milimita 45 na omu 38, na kampuni imeandika kwamba zinabeba hadi miliwati 1,600, wakati stika inasema 20. Gundi ile imewekwa kwa sababu spika ndogo iliachwa na pengo, na pengo likibaki wazi besi hupotea. Skrubu zilizolika zinasema kwamba mtu aliwahi kufungua kwa bisibisi isiyofaa. Na tofauti ya sauti uliyoisikia inaeleweka, maana spika mbili zisizofanana hazipazi kwa kiasi kimoja hata zikilishwa umeme mmoja.

Lakini mtengenezaji wa bandia angeweka spika moja nzuri na moja mbovu kwa sababu gani? Kiwanda cha bandia hununua spika za aina moja kwa wingi na kuziweka pande zote mbili. Kinachoeleza vizuri picha hizi zote ni hedifoni zilizotumika, zikaharibika upande wa kulia, zikafanyiwa ukarabati wa haraka, zikavishwa mto mmoja mpya upande ule ule uliofunguliwa, kisha zikatiwa ndani ya boksi lililochapishwa ili ziuzwe kama mpya. Kufunga kwa waya kunakubaliana na maelezo hayo, na waya mmoja kukosekana kunakubaliana nayo pia.

Mzee_Barabara_ya_Nane

Nimekuelewa, fundi, na kuhusu msimbopau nimekubali. Ila hapa sikubali wepesi wako. Umesema mwenyewe kwamba kila kitu kinashuhudia kitu chake. Spika ya kushoto inaweza kuwa imetolewa kwenye M50x halisi iliyokufa na kupandikizwa katika mwili wa bandia. Omu 38 na milimita 45 zinathibitisha spika ile, hazithibitishi plastiki inayoizunguka.

Fundi_Chuda

Hoja yako ni nzito, mzee, na siwezi kuivunja kwa picha hizi. Ninaegemea upande wa mwili halisi kwa sababu skrubu za kushoto hazina alama ya bisibisi na risasi yake haijaguswa, na mtu aliyepandikiza spika angeacha alama. Maandishi ya mgongoni mwa spika sitayatumia kama ushahidi, kwa kuwa msururu wa aina hiyo hutofautiana kati ya toleo na toleo, na asiye na jozi ya toleo lile lile hana cha kulinganisha. Ningetaka picha ya ndani ya kikombe chenyewe, hasa alama za muundo zilizobaki kwenye plastiki, nizilinganishe na jozi ya mteja wangu mmoja iliyonunuliwa kwa risiti.

Mchapaji_Pongwe

Kwa suala la kurudisha, sidhani kwamba ndugu yetu anahitaji kusubiri jibu la mwili. Aliambiwa ni mpya, na zimefunguliwa. Boksi lina jina na nembo ya kampuni na halikuchapishwa na kampuni, na suala la alama za biashara kughushiwa linashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Lihifadhi boksi hilo, usilitupe.

Rekodi_Makorora

Nimezungumza na muuzaji nikamwonyesha picha za spika zote mbili. Hakubisha sana, alisema naye aliuziwa hivyo hivyo. Amenipa njia mbili: anirudishie fedha zote, au anirudishie sehemu nami nibaki nazo. Moyo wangu unavutwa na njia ya pili kama zinatengenezeka. Nikipata spika moja ya omu 38 ya kuweka kulia, zitafaa kwa kazi ya kuchanganya sauti?

Fundi_Chuda

Kwa kazi ya kuchanganya sauti, usinunue spika moja. Spika ya kushoto imetumika kwa muda usiojulikana, na mpya utakayoipata, hata ikiwa na omu zile zile, inaweza kupaza zaidi au pungufu yake kwenye masafa fulani, nawe utakuwa unasawazisha kaswida za watu kwa hedifoni zisizolingana. Nunua jozi, ubadilishe zote mbili kwa siku moja, na uangalie chanya na hasi zisigeuzwe upande mmoja. Ukizigeuza, sauti iliyowekwa katikati haitatulia katikati bali itasambaa pembeni. Baada ya hapo weka mito ya mtengenezaji mmoja pande zote mbili, kwa kuwa unene wa mto hubadilisha umbali wa spika na sikio, na besi hubadilika nao.

Piga hesabu ya jozi ya spika, jozi ya mito na kazi ya fundi kabla hujamjibu muuzaji. Ikizidi kiasi atakachokurudishia, chukua fedha zako zote. Na kabla hujazirudisha, nipigie ile picha ya ndani ya kikombe cha kushoto, maana mzee na mimi bado hatujamalizana.